Mama kavunjika pingili ya mgongo: tukubali adungwe saruji?

Binti Mlalo: Shikamooni wakubwa, wengine habari. Mama ana miaka 74. Wiki tatu zilizopita aliinama kunyanyua ndoo, mgongo ukalia "ka!" Picha imeonyesha pingili ya kwanza ya kiuno imebonyea kwa mbele; mifupa imekuwa myepesi. Miguu ina nguvu, haja zote zinatoka vizuri. Anameza diklofenaki juu ya dawa za presha, na kugeuka kitandani bado ni kilio. Hospitali moja inataka kumdunga saruji ya mifupa ndani ya pingili hiyo. Kaka anataka tuuze ng'ombe.

Mzee wa Kwamkole: Alale chali miezi mitatu na mkanda, mfupa utaunga wenyewe.

Nesi Mifupa: Shikamoo mzee. Kuunga ni kweli, wengi hupata nafuu ndani ya wiki sita hadi kumi na mbili. Ila kulala miezi mitatu kutamwondolea misuli, mifupa izidi kuisha, na damu inaweza kuganda miguuni.

Binti, diklofenaki hupandisha presha na huumiza figo. Muombe daktari amwachishe, ampe parasetamo kwa saa maalumu bila kusubiri maumivu yapande. Ikibidi tramado, iwe kidogo: inaleta kizunguzungu na choo kigumu, na kujikamua kunautonesha mgongo. Mkanda avae akiwa amekaa au anatembea, wiki chache tu. Ushahidi wake ni hafifu, lakini wapo wanaoweza kusimama kwa sababu yake.

Juma Muskati: Shangazi yangu alidungwa saruji India, kesho yake akatembea! Uzeni ng'ombe.

Nesi Mifupa: Namwamini shangazi. Lakini mwaka 2009 tafiti mbili zililinganisha saruji na utaratibu wa kuigiza, mgonjwa akipata ganzi bila saruji wala kujua. Nafuu ikalingana. Mwaka 2016 Australia wakachagua waliovunjika chini ya wiki sita wenye maumivu makali, na hapo saruji ikashinda. Mwaka 2018 Waholanzi hawakuona tofauti. Kwa hiyo wataalamu bado wanabishana, na mama yako yumo humo humo kwenye ubishi. Saruji pia huweza kuvuja kuelekea uti wa mgongo au mapafu. Mimi ningetibu maumivu vizuri kwanza, wiki mbili, kisha tuone kama bado hawezi kusimama.

Binti Mlalo: Tukikubali, tuulize nini?

Nesi Mifupa: Kama picha ya MRI inaonyesha jeraha bado bichi; lililokwisha kupona halihitaji saruji. Na kama wameondoa TB ya mgongo na saratani ya uboho. Amepungua uzito? Ana homa za jioni?

Binti Mlalo: Homa hana. Nguo zimempwaya tangu mwaka jana, tulidhani ni uzee.

Nesi Mifupa: Basi vipimo hivyo vitangulie, saruji isubiri. Miguu ikifa ganzi au mkojo ukigoma, usiku huo huo hospitali. Dawa ya kuimarisha mifupa wameshaanza?

Binti Mlalo: Hakuna aliyeitaja.