Naombeni ushauri: nimetafsiri mwongozo wa lifti, fundi anasema utaumiza mtu

Mtafsiri wa Nyegezi
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mwanza, kazi yangu ni kutafsiri. Nimepewa mwongozo wa lifti wa Kiingereza niuweke kwa Kiswahili kwa ajili ya walinzi wa jengo moja hapa mjini: breki, vihisi vya mlango, namna ya kuwatoa watu waliokwama. Swali langu ni kile kifaa cha mwendo. Nikiite gavana au kidhibiti mwendo? Fundi mmoja ameisoma kazi yangu, akasema itaumiza mtu, akaondoka bila kufafanua. Usiku wa pili huu sipati usingizi.

Dereva wa Bwiru
Kidhibiti mwendo. Mabasi yanacho, ukizidisha kinakurudisha chini. Lifti ni hivyo hivyo.

Fundi Shafti
Hapo umepata nusu, kaka. Cha basi kinakuzuia usizidishe. Cha lifti kinasubiri mwendo uzidi ule wa kawaida kwa asilimia 15 au zaidi, ndipo kinakamata kamba yake, kamba inavuta meno yaliyo kwenye kibanda, meno yanauma reli. Hakipunguzi, kinasimamisha. Sisi kazini tunasema gavana. Ila sidhani mwenzangu aliogopa hilo. Mtafsiri, tuwekee hatua za kuokoa watu kama ulivyoziandika.

Mama Dagaa Kirumba
Mimi nilikwama Kariakoo na mzigo wangu. Kijana akabandua mlango kwa bisibisi, sakafu ya nje ikawa chini yangu, kina cha kufika magotini. Nikaruka. Mnaoandika haya mambo mwogopeni Mungu.

Fundi Shafti
Mama, pole sana. Kibanda kikisimama juu ya sakafu, chini yake panabaki uwazi unaoingia shimoni. Anayeruka akateleza kurudi nyuma anakwenda na huo uwazi.

Mtafsiri wa Nyegezi
Hizi hapa: Zungumza na waliomo, watulie. Hakikisha milango yote imefungwa. Achia breki kidogo kidogo mpaka kibanda kifike usawa wa sakafu. Achia mkono wa breki. Fungua mlango kwa ufunguo wa pembetatu.

Fundi Shafti
Kuzima swichi kuu kuko wapi?

Mtafsiri wa Nyegezi
Ilikuwepo, nikaitoa. Lifti imekwama kwa sababu umeme umekatika, sasa mlinzi azime nini? Karatasi ni ya ukurasa mmoja, nilitaka isomeke haraka.

Fundi Shafti
Anazima kwa sababu umeme utarudi. Ukirudi mama ana mguu mmoja ndani na mmoja nje, lifti inaweza kuondoka naye. Swichi kuu izimwe na ifungwe kwa kufuli kabla ya kugusa breki.

Halafu hilo "achia". Breki ya lifti inabanwa na springi, umeme ndio unaoifungua. Ndiyo maana umeme ukikatika inakamata. Hatua yako ya tatu "achia" ina maana ya kufungua. Ya nne "achia" ina maana ya kutoa mkono, springi ikamate tena. Neno moja, mambo mawili yanayopingana! Andika: "Vuta mkono wa breki, breki inafunguka. Toa mkono, breki inakamata."

Dereva wa Bwiru
Si akifungua kibanda kinashuka chini tu?

Fundi Shafti
Mara nyingi kinapanda. Chukua lifti ya kilo 630, watu 8. Uzito unaoning'inia upande wa pili wa kamba hupangwa ulingane na kibanda pamoja na karibu nusu ya mzigo, tuseme kilo 315. Ndani yumo mtu mmoja wa kilo 70. Upande wa pili unazidi kwa kilo 245, kwa hiyo kibanda kinakwenda juu, na kadiri unavyoshikilia ndivyo kinavyokazana. Vuta, toa, vuta, toa, macho kwenye alama za rangi za kambani. Mlinzi asiyefundishwa kwa vitendo asiguse. Na kama ni gavana iliyokamata, aache, aite fundi.

Kijana wa Mabatini
Hii ni chai. Mtafsiri gani anapunguza hatua za usalama? Huyu mwanafunzi, anatafuta majibu ya kazi ya chuo.

Mtafsiri wa Nyegezi
Si chai, ndugu yangu. Chumba cha mashine kiko juu ya paa, mkono wa breki ni mwekundu, umening'inizwa ukutani kwenye msumari. Najua kwa sababu nilipanda mwenyewe Jumamosi kubandika karatasi. Imeshabandikwa, imewekwa plastiki. Hilo sikulisema mwanzoni.

Mama Dagaa Kirumba
Yesu wangu. Nenda kaibandue sasa hivi.

Mtafsiri wa Nyegezi
Mlinzi ameshapokea simu, anapanda. Ila nakala zilikuwa mbili. Ya pili meneja aliondoka nayo kwenda jengo lao la Bukoba.

Fundi Shafti
Wana lifti ya aina ileile?

Mtafsiri wa Nyegezi
Sijui. Nampigia, hapokei.