Nauza notsi kwa PDF: niweke paswedi ya kufungulia au nizuie kuprinti tu?

Mwalimu_Mwanga (Kigoma): Habari za jioni wakuu. Wiki ijayo naanza kuuza notsi zangu za Baiolojia. LibreOffice inanipa paswedi mbili, ya kufungulia na ya ruhusa. Ipi bora?

Kaka_Isevya: Unamzuia nani hasa mwalimu? Mtu baki, au mteja aliyelipia asiwasambazie wenzake? Bila hilo tutabahatisha.

Binti_Ujiji: Weka ya ruhusa, zima kuprinti na kukopi, kazi imeisha. Faili za hivyo kwangu kitufe cha kuprinti kinakufa kabisa.

Kaka_Isevya: Kinakufa kwa sababu programu yako imetii, basi. Faili yenye ruhusa tu inafunguka bila kuuliza kitu, kwa hiyo programu yoyote inaweza kuisoma yote, na lile katazo ni ombi tu. Asiyetaka kutii anachukua programu ya qpdf, anaandika:

```
qpdf --decrypt notsi.pdf huru.pdf
```

Haidai paswedi na faili inatoka haina kizuizi. Dada jaribu kwenye ya kwako.

Mhazini_Tabora: Hilo limenikuta. Nilituma ripoti ya mikopo ya kikundi chetu nikiwa nimezima kuhariri nikajua iko salama, siku ya kikao mwanachama mmoja akaja na karatasi deni lake la 640,000 limekuwa 340,000, mwandiko uleule, jedwali lilelile, kumbe kuna mtu aliigeuza kuwa Word akabadilisha tarakimu moja, tukabishana mpaka jioni, mpaka katibu alipofungua ile ya kwanza kwenye simu yake.

Kaka_Isevya: Pole sana mhazini. Hapo ilifaa saini ya kidijitali, faili ikiguswa saini inaonyesha. Ila kwenye karatasi hata hiyo haisaidii.

Juma_Relini: Na mimi nisaidieni, taarifa yangu ya benki nimesahau paswedi, hiyo amri yenu inaniambia `invalid password`.

Kaka_Isevya: Hiyo ndiyo paswedi ya kufungulia, maandishi yenyewe yamevurugwa, bila paswedi hakuna cha kusoma. Waulize benki yako. Mwalimu umeona tofauti? Ila usiweke tarakimu nne, ziko 10,000 tu na faili haijifungi ukikosea mara tatu, kompyuta inazijaribu zote. Weka maneno kadhaa marefu, ya kwanza hapa ni paswedi ya kufungulia, ya pili ni ya ruhusa:

```
qpdf --encrypt "mgebuka dagaa mwamba saa" "siri yangu ndefu" 256 -- notsi.pdf salama.pdf
```

Mwalimu_Mwanga: Wateja ni wanafunzi, wanasomea kwenye simu, natuma Watsapu. Naogopa wasambaze.

Kaka_Isevya: Ungesema mapema. Aliyelipia utampa paswedi, naye atamtumia mwenzake faili na paswedi pamoja, au atapiga skrinishoti. Hakuna paswedi ya kumzuia mtu uliyemruhusu asome.

Binti_Ujiji: Mimi bado naona ruhusa inapunguza, wengi hawaijui hiyo qpdf.

Mhazini_Tabora: Bora jina la mnunuzi kila ukurasa, ataona aibu kusambaza.

Kaka_Isevya: Hapo nakuunga mkono, japo nalo linafutika.

Juma_Relini: Mwalimu, kitabu kizima bei gani? Mdogo wangu yuko kidato cha nne.