Nimegawa sampuli za kahawa hoteli 11, zote zimesifia, oda sifuri. Nakosea wapi?

MkaangajiMoshi: Habari wakuu. Nakaanga kahawa Moshi kwa kiwango kidogo. Mwezi uliopita nilipeleka pakiti za gramu 100 kwenye hoteli na migahawa 11 Arusha, bure, ikiwa imeshasagwa, nikawaachia maafisa manunuzi. Nikipiga simu naambiwa "nzuri sana, tutakutafuta". Niongeze pakiti au niache?

DukaLaJumla: Mali kauli hiyo kaka, itakutia hasara. Mimi nilimwachia mtu katoni za sabuni, mpaka leo nadai.

MkaangajiMoshi: Hapana mkuu, sidai kitu. Ni ya kuonja tu.

Bi_Hesabu: Cha bure hakithaminiwi. Wauzie nusu bei, aliyetoa hela ataonja kwa makini.

BaristaMstaafu: Bi Hesabu, kwa mteja wa dukani nakubali. Hotelini, hata pakiti moja ya kununua inataka uwe umesajiliwa kama msambazaji, na makaratasi yakianza, kuonja kunakufa. Sampuli ya bure inapita mlango wa jikoni.

Mkaangaji, pale penye mashine ya espreso, kikombe cha dozi mbili kinakula gramu kama 18. Gramu 100 ni vikombe vitano, na vitatu au vinne vya kwanza barista humwaga akirekebisha kinu kiendane na kahawa mpya. Wewe umepeleka ya unga, hata kurekebisha hawezi: ikipita haraka mno inatoka chachu na nyepesi. Huenda hakuna aliyeionja vizuri.

Safari hii chukua kilo moja, ipeleke hoteli mbili tu, nusu kilo kila moja, ikiwa punje. Iwe na siku 7 hadi 10 tangu ikaangwe, maana ya jana bado ina gesi nyingi. Nenda saa tisa alasiri wateja wakipungua, simama na barista mpaka kikombe kikae sawa, kisha mwite meneja aonje hapo hapo. Ila kabla ya kufungua mfuko muulize: "Ikikupendeza, nani anasaini oda, na kahawa mliyonayo inaisha lini?" Asipokuwa na jibu, usiiache.

MkaangajiMoshi: Mmoja aliniambia mashine yao wamepewa na msambazaji wao.

BaristaMstaafu: Huyo mruke. Mara nyingi mashine ya kuazimwa inakuja na mkataba wa kununua kahawa kwa mwenye mashine. Ungemuuliza hilo kwanza kwa simu.

Bi_Hesabu: Na akiomba sampuli ya pili?

BaristaMstaafu: Hapo ndipo nusu bei yako inaingia, dada. Ingawa wapo wanaoomba kwa nia njema kwa sababu meneja alikuwa safarini. Sina kanuni.

MkaangajiMoshi: Jumatano nakaanga kilo moja. Nawapigia wawili leo kuuliza habari ya mashine.