Kipeperushi cha kliniki: mkunjo wa barua au zigizaga?

Nyambura_D: Habarini. Napanga kipeperushi cha A4 cha mikunjo miwili kwa kliniki ya kibinafsi hapa Donholm. Ndani kuna ratiba ya chanjo na ya kliniki ya wajawazito, mgongoni ramani. Mwenye kliniki anataka kikunjwe kama barua, ubawa mmoja uingie ndani. Mimi naona zigizaga hufunguka upesi. Mngechagua ipi?

FundiWaChapa: Gawa 297 kwa 3, kila paneli milimita 99. Kunja utakavyo.

Zawadi_Michoro: 99 ni ya zigizaga. Ukikunja kama barua, ubawa wenye upana sawa na wenzake hugonga mkunjo na karatasi hubenuka. Upe 97, hizo mbili 100 kila moja. Upande wa nje, kutoka kushoto: ubawa, mgongo, jalada. Ukigeuza, ile 97 iko kulia, kwa hiyo usinakili mistari ya nje ukaibandika ndani.

Nyambura, ukihamia zigizaga na jalada likabaki kulia kwa nje, kinachokaa mgongoni ni paneli ya kulia ya *ndani*. Ramani itahamia huko, na ratiba zako zibaki na paneli mbili. Kama barua unazipata zote tatu, ila mgonjwa akifunua jalada hukutana na ubawa kwanza. Usiuachie salamu za mkurugenzi. Weka huduma na saa za kazi.

BabaOti: Programu ya harusi ya binti yangu tulitumia karatasi ya gramu 250, rangi ikapasuka mkunjoni. Kwani kliniki inatoza ngapi?

Zawadi_Michoro: Mzee, bei muulize mwenyewe 😀 Gramu 250 hupigwa mstari wa kukunjia kwanza. Ya kipeperushi, 150 yatosha.

Halima_Mapokezi: Mimi hukaa mapokezi. Wazee hunirudishia karatasi wakisema "nisomee". Maandishi meupe juu ya picha ya jengo hawayaoni kabisa.

Nyambura_D: Yangu ni pointi 9, nimeyanyoosha pande zote mbili. Picha kubwa ya muuguzi imevuka paneli mbili.

Zawadi_Michoro: Panda hadi 11 au 12, na unyooshe kushoto tu. Safu ni nyembamba na maneno yetu ni marefu. "Wanaonyonyesha" likishuka mstari, juu linaacha mapengo. Maneno yasipoenea, punguza maneno. Muuguzi abaki ndani ya paneli moja, mkunjo usimpite usoni. Kisha chapa nakala moja pande zote mbili, ukigeuza kwa upande mfupi, uikunje kwa mkono. Ndani ikitokea kichwa chini, ni huko kugeuza.

Halima_Mapokezi: Bado nipe zigizaga. Ule ubawa wengine hawaufunui, hurudi kuuliza siku ya chanjo iliyoandikwa ndani.

FundiWaChapa: Zigizaga hutanuka kwenye kishikio cha kaunta, zinaanguka.

Nyambura_D: Nitakunja zote mbili, Jumatatu niwape wagonjwa wa foleni niwatazame wakifungua. Karatasi je, ing'aayo?

FundiWaChapa: Ing'aayo. Picha hutoka safi.

Halima_Mapokezi: Na taa za dari hapa kwetu? Isiyong'aa, tafadhali.