Grafu ya kasi ya kimeng'enya: mkunjo wa kawaida au mstari wa Lineweaver-Burk?

kibwiko: Wakuu, ripoti ya praktiko nakabidhi kesho. Grafu yangu inapanda halafu inalala, na nikiweka kizuizi inalala chini zaidi. Nichore ipi kuonyesha aina ya kizuizi?

Mwl_Bayo: Mhimili mlalo ni muda au ukolezi? Kimeng'enya gani? Kama ni muda, huenda sabstreti imekwisha tu.

ChumviKidogo: Hapo joto limezidi, kimeng'enya kimeharibika.

kibwiko: Ni ukolezi, joto halibadiliki. Laktesi na ONPG, kizuizi galaktosi, kiasi kilekile kila mrija. Kwa milimola 2 kasi ni 30, na kizuizi 15. Kwa milimola 10 ni 50, na kizuizi 37.5. Niliishia hapo.

nesi_wa_zamu: Basi si kizuizi shindani. Shindani hakishushi kilele, na chako kimeshuka.

Mwl_Bayo: Ngoja kwanza. 37.5 si kilele, ni pale alipoachia kupima. Ukikokotoa, namba zote nne zinakubali kilele cha 60. Bila kizuizi, nusu yake inafikiwa kwa milimola 2. Na galaktosi, kwa milimola 6. Galaktosi inakalia nafasi ya ONPG, lakini ONPG ikiwa nyingi inaipokonya. Halafu angalia uwiano: kwa 2 kasi imebaki nusu, kwa 10 robo tatu. Kizuizi kisichoshindana kingepunguza kwa uwiano uleule mwanzo hadi mwisho.

Pipeti_Moja: Maneno mengi. Chora 1/v dhidi ya 1/[S], mistari miwili ikikutana kwenye mhimili wima, umemaliza.

binti_maabara: Mstari huo ulinitesa chuoni. Mrija wenye ukolezi mdogo kabisa ulikuwa na unjano wa kubahatisha, mashine ikasoma juu ya sifuri kidogo tu. Namba ndogo ukiigeuza inakuwa kubwa, kwa hiyo nukta ileile mbovu ikakaa mbali kulia na kuuvuta mstari mzima. Ukakata mhimili wima chini ya sifuri, yaani kilele hasi! Msimamizi akauliza kama kimeng'enya changu kinarudisha sabstreti.

Pipeti_Moja: Hilo kosa la pipeti, si la mstari.

nesi_wa_zamu: Haya, nimekubali uwiano. Ndivyo ethanoli inavyotumika kwa aliyekunywa methanoli: inashika kimeng'enya, methanoli haigeuki asidi ya fomiki haraka, mwili unapata muda wa kuitoa.

ChumviKidogo: Kumbe dawa ya gongo mbaya ni gongo nzuri 😂

nesi_wa_zamu: Acha mzaha, watu wanapofuka. Ni hospitali, kwa kipimo, na fomepizoli ikiwepo ndiyo bora.

kibwiko: Turudi kwangu jamani. ONPG iliyobaki inatosha mirija miwili. Nipime 20?

Mwl_Bayo: Pima, mmoja na kizuizi, mwingine bila. Tegemea kama 46 na 54.5. Pengo likiendelea kuziba, mkunjo unatosha.

Pipeti_Moja: Mtahini wangu asingekubali bila mstari.

binti_maabara: Mtahini wako yupi huyo?