Naomba ushauri: niandikeje сел na съел kwa msomaji wa Kiswahili?

Wanajamvi, habari zenu. Ninawaandalia wadogo zangu daftari la matamshi ya Kirusi, na nimekwama kwenye konsonanti laini.

Mwanzoni nilitumia y kuonyesha ulaini, kwa kuwa ny ya "nyama" inakaribiana sana na нь. Tatizo likaja kwenye сел (aliketi) na съел (alikula akamaliza): yote mawili yakawa "syel". Katika la kwanza s yenyewe ndiyo laini, ulimi umeinuka kuelekea kaakaa, na y haisikiki peke yake. Katika la pili ъ inaitenga s, y inasikika waziwazi.

Nikajaribu "s'el" na "syel". Lakini wanaijua alama hiyo kwenye ng'ombe, ambako haihusiani na ulaini. Kibaya zaidi ni mwisho wa neno: конь, farasi mmoja, nikiandika "kony" wanaongeza irabu kwa mazoea yetu, inakuwa "konyi", na hapo Mrusi anasikia кони, farasi wengi.

Mliowahi kufundisha, je, y ndogo ya juu, kama sʸel na konʸ, inaeleweka? Na mnawazuiaje kuongeza ile i?