Kugawana nafasi moja watu wawili: nusu siku, nusu wiki au wiki kwa wiki?

Mamdogo_Ujiji
Habari za jioni ndugu zangu. Ni karani na mtunza fedha kwenye ghala la mizigo ya Burundi na Kongo hapa Kigoma. Mama yangu amepooza upande mmoja na siwezi tena kumwacha siku nzima wiki yote. Kuna dada aliyewahi kufanya kazi hii hii, yuko tayari tugawane nafasi yangu. Mshahara ni 600,000 kabla ya makato, kazi saa 45 kwa wiki: Jumatatu hadi Ijumaa saa 8 kwa siku, Jumamosi saa 5. Nataka nimpelekee bosi pendekezo la maandishi. Nichague mgawanyo upi? Mimi nafikiria kukabidhiana Jumatano mchana.

Ticha_Kasulu
Dada, mimi natafuta wa kubadilishana naye. Nipo Kasulu, nataka Tabora Manispaa. Ukimpata niunganishe.

Mamdogo_Ujiji
Hapana mwalimu, mimi sihami kituo. Ni nafasi moja, watu wawili.

Kibirizi_Stoo
Nusu siku iache kabisa. Nilishuhudia kwenye stoo moja: pesa inahesabiwa kila mchana, foleni ya wateja imesimama, na upungufu ukitokea kila mmoja anamtaja mwenzake. Wiki kwa wiki nayo ina ubaya wake. Mzigo umeingia zamu yako, boti inaondoka zamu ya mwenzio, na mteja aliyeahidiwa bei hakumbukwi. Nusu wiki ndiyo nafuu, makabidhiano ni machache na mambo bado yako kichwani.

Ila usikabidhi mchana. Mashine ya EFD inafunga siku jioni kwa ripoti ya Z. Ukikata katikati ya siku, Z moja inabeba mauzo ya watu wawili. Kata Jumatano jioni: wewe Jumatatu hadi Jumatano, saa 24, mwenzio Alhamisi hadi Jumamosi, saa 21, na aje Jumatano saa kumi jioni mkae pamoja saa moja. Z ikitoka, mnahesabu pesa taslimu na salio la simu, mnalinganisha na daftari, mnapitia madeni, kisha mnatembea ghalani kuona mizigo inayosubiri boti. Wote mnasaini. Kila mmoja awe na namba yake ya siri, msiazimane.

Mpiga_Hesabu
Bosi atakataa, maana NSSF atalipa mara mbili.

Shangazi_wa_Mishahara
Mara mbili kwa majina, si kwa pesa. Asilimia 10 ya mwajiri kwa 600,000 ni 60,000. Kwa watu wawili wa 300,000 ni 30,000 na 30,000. Kinachoongezeka kweli ni ile saa moja ya Jumatano. Wiki inakuwa saa 46 za kulipwa, yaani kama 13,000 kwa mwezi. Iandike kwenye pendekezo, asije akaigundua mwenyewe.

Na wewe dada, hesabu ya mkononi: sasa unakatwa NSSF 60,000, kodi inapigwa kwenye 540,000, inakuwa 24,000, unabaki na 516,000. Kwa 300,000 unakatwa 30,000, zinabaki 270,000, na hapo kodi ya PAYE ni sifuri. Kwa hiyo unapata zaidi kidogo ya nusu. Ila kama mwenzio ana ajira nyingine, kwake hesabu itakuwa tofauti.

Mwenye_Mbao_Tabora
Nasema kama mwajiri. Mko wangapi hapo?

Mamdogo_Ujiji
Tisa pamoja na mimi.

Mwenye_Mbao_Tabora
Basi hapo ndipo penye gharama. Tozo ya SDL inaanzia waajiriwa 10, na inapigwa kwenye mishahara ya wote, si ya huyo aliyeongezeka. Mimi ningeliona hilo kabla ya NSSF.

Mpiga_Hesabu
Lakini hao wawili ni nafasi moja!

Shangazi_wa_Mishahara
Nafasi moja, mikataba miwili. Mimi ningehesabu vichwa. Bosi apate jibu la maandishi TRA kabla ya kusaini.

Mwenye_Mbao_Tabora
Swali langu la pili: mmoja akiugua, mwenzake anaingia? Na akiacha kazi?

Kibirizi_Stoo
Kuugua, aingie akikubali, na alipwe saa hizo. Usimwahidi bosi kwa niaba ya mtu mwingine.

Mamdogo_Ujiji
Asanteni sana. Nitaandika mkato wa Jumatano jioni, na kila mwezi tubadilishane nusu ili saa 24 na 22 zilingane. Nitaomba majaribio ya miezi mitatu, na SDL nitaitaja mwenyewe. Kuhusu mwenzangu kuacha, nimeandika nirudi siku zote kwa siku 30 huku tukitafuta mwingine, lakini bado sijajua mama nitamwacha na nani siku hizo.

Shangazi_wa_Mishahara
Usiisaini hiyo mpaka umpate wa kukaa naye.